Shabu inatiwa lakini maji hayatulii: kutafuta hitilafu ya dozi kwenye mtambo mdogo wa maji

Sehemu hii ni ya mwendeshaji wa mtambo unaotia shabu kwenye maji ghafi, unayatuamisha tangini, unayachuja kwa mchanga na kumalizia na klorini. Inashughulikia tatizo moja linalosumbua kuliko yote: maji yanayotoka kwenye tangi la kutuamisha bado yana tope, ilhali pampu ya dozi inalia kama kawaida na pipa la shabu linapungua. Klorini inafuata mwishoni, kwa kuwa hitilafu zake nyingi huanzia kwenye shabu.

Kwanza tuweke mipaka. Maji yakitoka tangi la kutuamisha yakiwa na tope la chini ya NTU 5, chujio la mchanga litamudu. Yakipanda hadi 10 na kuendelea, chujio litajaa mapema, na baada ya saa chache tope litaanza kupenya. Baada ya chujio lenga chini ya NTU 1. Kwa hiyo mahali pa kupima kila saa wakati wa matatizo ni kwenye mdomo wa kutokea tangi la kutuamisha, kwa kuwa chujio huficha kosa mpaka limechelewa kurekebishika.

Usiguse pampu kabla ya kuangalia maji

Mazoea mabaya kuliko yote ni kuongeza shabu kila tope linapoonekana. Upungufu wa shabu na uzidifu wake huweza kutoa sura ileile: maji meupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo, yasiyo na madonge. Shabu ikizidi sana, chembe za tope hufunikwa na chaji ya upande wa pili, zikaanza kusukumana upya badala ya kushikana. Anayeongeza dozi katika hali hiyo anazidi kujichimbia.

Chota maji kwenye chupa safi ya kioo mwishoni mwa mfereji wa mchanganyo wa polepole, kabla hayajaingia tangini, uyaangalie dhidi ya mwanga. Ukiona madonge makubwa kama punje za mtama yanayozama yenyewe ndani ya dakika chache, dozi haina kosa. Hitilafu iko mbele, tangini. Huenda tope la chini limejaa na linarushwa juu, au maji yanaingia kwa kasi na kuyavunja madonge. Ukiona chembe ndogo kama vumbi zinazoelea bila kuzama, shabu ni pungufu kidogo, au mchanganyo wa polepole ni mfupi, au maji yamepoa kupita kawaida. Usipoona chembe yoyote, bali weupe tu, basi ama shabu haifiki, ama inafika lakini pH haiiruhusu kufanya kazi. Hapo pima pH ya maji hayohayo kabla ya jambo lingine lolote.

Shabu hufanya kazi yake vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi, baada ya shabu kuchanganyika. Chini ya hapo, na juu ya hapo pia, sehemu ya alumini iliyomo kwenye shabu hubaki imeyeyuka. Hupita tangini, hupita kwenye mchanga, kisha pH inaporekebishwa mbele ya safari huganda ndani ya tangi la kuhifadhia. Mtu anafungua bomba anakuta utando mweupe, wakati kwenye mtambo kipimo cha baada ya chujio kilionekana safi. Dalili hiyo ikijitokeza, usilaumu chujio. Tazama pH ya mahali shabu inapochanganyika.

Dozi iliyoandikwa na dozi inayofika

Hesabu ya dozi ni moja, na kila mwendeshaji awe nayo ukutani. Miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa meta ya ujazo, kwa hiyo:

```
L/h = Q (m3/h) x dozi (mg/L) / nguvu ya myeyusho (g/L)
```

Chukua mtambo wa 40 m3 kwa saa, dozi ya 60 mg/L, na myeyusho wa shabu wa asilimia 10, yaani kilo 10 kwa kila lita 100 za myeyusho, sawa na 100 g/L. Shabu inayohitajika ni 40 × 60 = 2,400 g kwa saa, na ukigawa kwa 100 unapata lita 24 kwa saa, ambazo ni mililita 400 kwa dakika. Tutautumia mfano huu mpaka mwisho.

Namba tatu zimo kwenye hesabu hiyo, na yoyote kati yake inaweza kuwa ya uongo: mtiririko wa maji ghafi, nguvu ya myeyusho, na kiasi ambacho pampu inatoa kweli. Zikague zote tatu kabla ya kubadilisha dozi.

Mtiririko kwanza. Mitambo mingi midogo hupima maji ghafi kwa bamba lenye mkato wa V wa nyuzi 90. Kimo cha maji juu ya ncha ya chini ya V kikiwa sentimeta 14.5, mtiririko ni takriban 40 m3 kwa saa. Kikipanda hadi 16, mtiririko ni karibu 51. Yaani sentimeta moja na nusu tu, ambayo jicho la haraka halioni, imeongeza maji kwa zaidi ya robo, na ile dozi ya 60 imeshuka hadi 47 bila mtu kugusa pampu. Kimo hiki kisipimwe kwenye bamba lenyewe, kwa sababu hapo maji yameshaanza kuinama kuelekea mkatoni. Rudi nyuma umbali wa angalau mara nne ya kimo hicho, ambako uso wa maji umetulia. Futa pia majani na utando unaonasa kwenye ncha ya V. Uchafu huo huinua maji na kukupa mtiririko mkubwa kuliko ulivyo.

Nguvu ya myeyusho ni suala la pipa na mti wa kukorogea. Shabu ya mabonge huchukua muda kuyeyuka, na ikikorogwa juujuu, chini hubaki tabaka zito na juu maji mepesi. Pampu inayofyonza chini itatoa dozi kali asubuhi na dhaifu jioni. Haidrometa ya bei nafuu inamaliza ubishi: pima pipa moja lililotengenezwa kwa mizani na kukorogwa mpaka hakuna punje, andika usomaji wake, na kila pipa linalofuata lisome karibu na hapo. Linganisha mapipa yenye joto linalokaribiana, na usitegemee jedwali la kitabu, maana shabu za viwanda hutofautiana kwa kiasi cha maji yaliyomo kwenye fuwele zake. Usishuke chini ya asilimia 1 ukidhani unapata usahihi zaidi. Myeyusho dhaifu kiasi hicho huanza kuganda wenyewe pipani kabla haujafika kwenye maji, na nguvu yake inakuwa imeshapotea.

Kisha pampu. Namba kwenye kitufe cha kurekebishia si lita kwa saa. Ni asilimia ya mpigo, na hata asilimia hiyo haiaminiki ikishushwa chini ya 20. Pima kwa silinda yenye alama iliyounganishwa upande wa kufyonza. Ijaze myeyusho, funga vali ya pipani ili pampu ifyonze kutoka kwenye silinda peke yake, washa saa, na baada ya sekunde 60 soma imeshuka mililita ngapi. Kama mtambo hauna silinda hiyo, tumbukiza bomba la kufyonzea kwenye chombo cha kupimia chenye myeyusho uleule. Wengi hufanya kinyume: wanachomoa bomba la kutokea na kukinga kwenye kikombe. Kipimo hicho hakifai, kwa sababu pampu inayosukuma hewani bila shinikizo la bomba hutoa kiasi tofauti na inachotoa kazini.

Pampu inapotoa pungufu

Pampu ya kiwambo ni chombo rahisi. Kiwambo kinarudi nyuma, gololi ya vali ya chini inanyanyuka, myeyusho unaingia. Kiwambo kinasonga mbele, gololi ya chini inakaa kwenye kikalio chake, ya juu inanyanyuka, myeyusho unatoka. Karibu kila upungufu unatokana na gololi isiyokaa sawasawa au bomba la kufyonzea lisilopitisha vizuri.

Anza chini, pipani. Kichujio kidogo kilicho mwishoni mwa bomba la kufyonzea hushika punje zisizoyeyuka, mchanga uliokuja na shabu, na vipande vya nailoni za mifuko. Kikiziba nusu, pampu inalia sauti ileile lakini inatoa nusu. Kichomoe, kisuuze, na hakikisha kinaning'inia sentimeta 10 hivi juu ya sakafu ya pipa ili kisinywe matope.

Angalia kama kuna mapovu kwenye bomba linaloonyesha ndani. Mapovu madogo yanayopanda mfululizo yana maana kwamba hewa inaingia kwenye kiungo kilicholegea. Povu moja kubwa linalocheza mahali pamoja bila kusonga lina maana kichwa cha pampu kimejaa hewa, na kiwambo kinaibana na kuiachia tu. Fungua skrubu ya kutolea hewa mpaka myeyusho utoke bila kukatika.

Ikiwa bado inatoa pungufu, fungua vali zote mbili. Zima umeme wa pampu, funga vali ya mbele ili bomba lisirudishe, vaa glavu na miwani, kisha toa gololi na vikalio na uvitazame kwenye mwanga. Fuwele moja ya shabu iliyokwama inatosha kuacha mwanya. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, usizikwaruze kwa kisu wala waya. Kumbuka upande wa kila kikalio kabla hujakitoa. Kikirudishwa kichwa chini, pampu haitafyonza kabisa, na hilo ni chanzo cha kushangaza cha kazi nyingi za ziada. Mwisho ni kiwambo. Myeyusho ukidondoka kwenye tundu dogo lililo nyuma ya kichwa cha pampu, kiwambo kimepasuka, na hakuna kingine cha kufanya ila kukibadilisha.

Kuna pia kasoro ya upande wa pili. Pampu ikionekana kutoa zaidi ya ilivyopangiwa, na pipa likaendelea kupungua hata ikiwa imezimwa, ni kwamba pipa liko juu kuliko mahali pa kuingizia na myeyusho unajifyonza wenyewe kwa mteremko. Dawa yake ni vali yenye springi inayowekwa upande wa kutokea, inayoufanya myeyusho usubiri msukumo wa pampu. Kupunguza mpigo hakutasaidia, maana kinachotiririka hakitokani na mpigo.

Mfano: hitilafu mbili moja juu ya nyingine

Turudi kwenye mtambo wetu wa 40 m3 kwa saa. Mvua imenyesha juu ya mto, maji ghafi yametoka NTU 25 hadi 180, na mwendeshaji amepandisha dozi hadi 60 mg/L, dozi ambayo iliwahi kufaa kwa tope la namna hiyo. Baada ya saa tatu maji yanayotoka tangini yana NTU 22. Kwenye chupa hakuna madonge, ni weupe wenye chembe chache kama vumbi.

Kimo kwenye bamba la V ni 14.5, kwa hiyo mtiririko hauna neno. Haidrometa inasoma kama kawaida. Silinda ya pampu inashuka mililita 233 kwa dakika badala ya 400. Hizo ni lita 14 kwa saa, na dozi inayofika ni 35 mg/L tu. Kichujio cha pipani kinakutwa kimefunikwa na punje, na gololi ya chini ina ganda la fuwele. Vinasafishwa, pampu inapimwa tena, inatoa 400.

Saa mbili baadaye maji ya tangini yako NTU 31. Yamezidi kuwa mabaya baada ya pampu kutengenezwa, na hapa ndipo wengi huanza kubahatisha. Jibu liko kwenye pH ya maji yaliyochanganyika. Wakati pampu ilikuwa pungufu ilikuwa 5.7, sasa imeshuka hadi 4.6.

Shabu inapoganda hula ualkali wa maji. Kila 1 mg/L ya shabu hula takriban 0.5 mg/L ya ualkali ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Maji ya mto wakati wa mvua huwa yamechanganyika na maji mengi ya mvua, ambayo hayana chumvi hizo, na ualkali wake hushuka. Hapa kipimo cha matone kinaonyesha maji ghafi yana 22 mg/L tu. Dozi ya 60 inahitaji 30. Hakuna 30, kwa hiyo asidi ya shabu imebaki bila wa kuizima, pH imeanguka, na alumini imebaki imeyeyuka. Dozi pungufu ya 35 ilikula 17.5 na kuacha chembe ya ualkali, ndiyo maana matokeo yake hayakuwa mabaya kama haya. Hitilafu ya pampu ilikuwa inaificha hitilafu ya maji.

Kinachotakiwa ni chokaa. Ili pH isiyumbe, acha ualkali wa 20 mg/L hivi ubaki baada ya shabu kula sehemu yake. Chokaa iliyozimwa, ikiwa safi, huongeza 1.35 mg/L ya ualkali kwa kila 1 mg/L yake:

```
ualkali wa kuongeza = (0.5 x 60) + 20 - 22 = 28 mg/L
chokaa safi         = 28 / 1.35 = 21 mg/L
```

Chokaa ya magunia si safi yote. Ikiwa ni asilimia 85, 21 inakuwa 25 mg/L hivi, na kwa mtiririko wa 40 hizo ni kilo moja kwa saa. Maziwa ya chokaa ya asilimia 5, yaani 50 g/L, yatahitaji lita 20 kwa saa. Tofauti na shabu, chokaa haiyeyuki ila kiasi kidogo sana, chini ya gramu 2 kwa lita, kwa hiyo pipa lake likorogwe muda wote pampu inapofanya kazi. Ukiacha dakika chache tu, unachotia ni maji ya chokaa mepesi huku chokaa yenyewe imelala chini.

Mahali pa kuitia pana umuhimu. Kwa maji yenye ualkali mdogo namna hii, chokaa iingie kabla ya shabu, mbali kidogo, ili iwe imeshasambaa shabu inapofika. Usiziingize kwenye bomba moja wala mahali pamoja. Zitagandishana palepale na kuziba ncha ya kuingizia, na kazi yote itafanyika ndani ya sentimeta chache za bomba badala ya kwenye maji.

Kuthibitisha kwa bika kabla ya kuamini hesabu

Hesabu inakuonyesha pa kuanzia, jaribio la bika ndilo linaloamua. Tengeneza myeyusho wa shabu wa asilimia 1, gramu 10 katika lita moja, siku hiyohiyo. Mililita 1 yake kwenye lita 1 ya maji ghafi ni 10 mg/L, kwa hiyo sirinji ya kawaida inatosha. Kwa chokaa tumia gramu 1 katika lita. Mililita 25 ni 25 mg/L.

Panga bika tano za lita moja, zote zipewe chokaa ileile ya 25, kisha shabu 40, 50, 60, 70 na 80. Korogesha kwa kasi dakika moja, mizunguko 100 kwa dakika au zaidi, halafu polepole dakika 15 hadi 20 kwa mizunguko 30 hivi. Mashine ya kukorogea ikikosekana, watu wawili wenye vijiti na saa wanaweza, mradi kasi iwe moja kwa bika zote. Acha zitulie dakika 30, na uvute sampuli kwa sirinji sentimeta chache chini ya uso bila kutikisa.

Kwa maji ya mfano wetu matokeo yangekuwa ya namna hii: 40 inaacha NTU 11, 50 inaacha 6, 60 inaacha 2.5, 70 inaacha 2.4, na 80 inarudi 4. Chagua 60. Kumi za ziada zimenunua sehemu moja ya kumi tu ya NTU, na kwenye 80 ualkali uliobaki umeanza kupungua na pH inateremka tena. Pima pH ya bika iliyoshinda; kwa hesabu yetu iwe karibu 6.8. Hiyo ndiyo namba ya kuisaka mferejini, na ni rahisi kuifuatilia kuliko tope, kwa sababu pH hubadilika ndani ya dakika chache wakati tangi la kutuamisha hujibu baada ya saa kadhaa. Kwa sababu hiyohiyo, usibadilishe dozi mara ya pili kabla maji yaliyopata dozi mpya hayajafika kwenye mdomo wa tangi. Gawa ujazo wa tangi kwa mtiririko: tangi la 100 m3 kwa 40 kwa saa ni saa mbili na nusu, na hiyo ni makadirio tu, maana baadhi ya maji hukatiza njia.

Ikitokea bika ina madonge mazuri na mtambo hauna, kwa dozi na pH zilezile, tafuta kwenye mchanganyo. Shabu lazima isambae kwenye maji yote ndani ya sekunde chache, mahali maji yanapochafuka: chini ya bamba la V, au pale yanapoanguka. Ikidondoka upande mmoja wa mfereji uliotulia, upande huo unapata dozi mara mbili na mwingine haupati kitu. Bomba la plastiki lenye matundu madogo, lililolazwa kukingama mfereji, hulimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo, ila matundu yake yakaguliwe kila zamu. Katika mfereji wa polepole tazama kama kuta za kupindisha maji zimeanguka au tope limejaa katikati yake. Maji yanayopita njia fupi hayapati muda wa kukuza madonge.

Kisha klorini inapotea

Siku za tope, mara nyingi klorini huru baada ya nusu saa ya mgusano hushuka kutoka 0.5 mg/L hadi sifuri, na pampu yake huwa ya kwanza kulaumiwa. Ipime, kwa silinda, kama ile ya shabu. Hesabu yake haina tofauti: dozi ya 2 mg/L kwa 40 m3 ni gramu 80 za klorini kwa saa, na kwa myeyusho wa asilimia 1, yaani 10 g/L, ni lita 8 kwa saa. Kutengeneza lita 100 za myeyusho huo kwa poda ya asilimia 65 kunahitaji kilo 1.54. Poda itiwe kwenye maji, kamwe si maji juu ya poda. Acha masimbi yatuame, na uhamishie pipa la dozi maji ya juu tu. Masimbi hayo ndiyo yanayoziba gololi za pampu hii.

Ganda gumu jeupe kwenye vali na kwenye ncha ya kuingizia huondoka kwa siki. Kabla ya siki, endesha pampu kwa maji matupu mpaka harufu ya klorini iishe. Asidi na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu papo hapo, na shabu nayo ni asidi: kwa hiyo kopo la shabu lisitumike kuchotea klorini, hata kama limesuuzwa, na mapipa ya kemikali hizi mbili yasikae bega kwa bega.

Pampu ikiwa sawa, shaka ihamie kwenye kipimo chenyewe. Kidonge cha DPD namba 1 hutoa rangi ya waridi kulingana na klorini huru, lakini klorini ikiwa nyingi mno rangi hiyo hufifishwa na sampuli hubaki nyeupe, au huwaka waridi na kupotea machoni pako. Ukisoma sifuri kwenye maji yanayonuka klorini, chukua sehemu moja ya sampuli na sehemu tisa za maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, upime tena, na uzidishe kwa 10. Waridi ikitokea, ulikuwa umezidisha.

Isipotokea, maji yanakula klorini. Chanzo cha kawaida ni tope na uozo uliopita kwenye chujio, na hilo linakurudisha kwenye dozi ya shabu. Chanzo kingine ni amonia kwenye maji ghafi. Utaitambua kwa kuongeza kidonge namba 3 kwenye sampuli ileile: kama namba 1 ilitoa waridi hafifu au haikutoa, na namba 3 ikaikoleza, klorini ipo lakini imefungwa na amonia, na ukali wake ni mdogo. Kadiri amonia inavyokuwa nyingi, ndivyo klorini inavyohitajika zaidi kabla klorini huru haijaonekana, takriban miligramu 8 hadi 10 kwa kila miligramu ya amonia ikihesabiwa kama nitrojeni.

Usikisie dozi mpya. Jaza ndoo tano za lita 10 kwa maji yaliyochujwa. Punguza myeyusho wa asilimia 1 mara kumi, uwe 1 g/L, ili mililita 10 zikupe 1 mg/L kwenye ndoo. Tia 10, 20, 30, 40 na 50, funika, na baada ya dakika 30 pima klorini huru. Ndoo yenye dozi ndogo kabisa inayofikisha 0.5 ndiyo dozi ya mtambo, ikiwa pH iko chini ya 8. Juu ya hapo klorini nyingi huwa katika umbo dhaifu. Basi kama chokaa inatiwa pia baada ya chujio kwa ajili ya kulinda mabomba, iingie baada ya klorini kupata nusu saa yake. Ikiwa maji yanahitaji zaidi ya 4 au 5 mg/L, acha kuongeza klorini, urudi kwenye mdomo wa tangi la kutuamisha na mita ya tope.